Favikoni ya kifungo: mimi naona kifungo, mdogo wangu anaona sarafu. Nipunguze nini?

SindanoNaUzi

Wakuu habari zenu. Nina kitovuti kidogo cha masomo ya kushona, kurasa kama thelathini hivi. Nembo yake ni kifungo cha shati chenye matundu manne. Ukingo wa kifungo nimeuchora kwa mstari, na sindano imepita juu yake kimshazari ikiburuta uzi. Juu ya ukurasa imekaa vizuri, sina lalamiko.

Kasheshe ni favikoni. Mara ya kwanza nilipoiweka nzima nzima ikawa doa. Nikaondoa uzi, nikabaki na kifungo na sindano, na sasa nikitazama kichupo kwenye kompyuta yangu nakiona kifungo bila shida. Mdogo wangu akaifungua kwenye ya kwake, akaniuliza, "Hii sarafu ya nini?"

Mimi nimeichora mwenyewe, nikifumba macho naiona, kwa hiyo naona siwezi kuwa hakimu tena. Ninyi mnapimaje kama alama iliyopunguzwa bado inasomeka kwenye kichupo? Na je, nipunguze zaidi au mdogo wangu ndiye hajui vifungo?

Vipimo: turubai ni 512 kwa 512, mstari wa ukingo 20, unene wa sindano 14, kipenyo cha tundu 44, nafasi kati ya tundu na tundu 26. Rangi ni kahawia iliyokolea, nyuma hakuna rangi.

Kijana_wa_Vekta

Rahisi sana hiyo mkuu. Unatumia PNG, si ndiyo? Hamia SVG. Vekta haipotezi ubora hata uipunguze vipi, kwa hiyo huhitaji kuondoa chochote. Rudisha na uzi wako.

MzeeWaGridi

Kijana, hapo umepatia nusu. SVG haina pikseli ikiwa faili, ila kichupo kinazo, na kwenye skrini ya kawaida ni 16 kwa 16 tu. Kivinjari lazima kiimwage ile michoro ndani ya visanduku 256, na kisichoenea hakienei, hata kiwe vekta.

SindanoNaUzi, vipimo ulivyotoa vinajibu swali kabla hata hatujaangalia picha. Kutoka 512 kwenda 16 ni kugawanya kwa 32. Ukingo wako wa 20 unakuwa 0.6 ya pikseli. Sindano ya 14 inakuwa 0.4. Nafasi kati ya matundu, 26, inakuwa 0.8. Kitu chenye unene usiofika pikseli moja hakichorwi kama mstari mwembamba. Kivinjari hukipaka kwa rangi hafifu, mchanganyiko wa kahawia yako na rangi ya nyuma. Kwa hiyo ukingo unakuwa kivuli, sindano inakuwa uchafu, na matundu manne yanaungana kuwa doa moja katikati. Duara lenye kivuli ukingoni na doa katikati ni sarafu. Mdogo wako hana kosa.

Sasa, kwa nini wewe unaona kifungo? Fungua konsoli ya kivinjari kwenye kompyuta zote mbili, ukurasa ukiwa asilimia 100, andika hivi:

```
window.devicePixelRatio
```

Nina shaka yako itasema 2 na yake 1. Ikiwa ni hivyo, kwako kichupo kinatumia pikseli 32 pale pale anapotumia 16. Kwenye 32 ukingo wako ni 1.25 na nafasi kati ya matundu ni 1.6, ndiyo maana vinaonekana. Hamkuwa mnatazama picha moja.

SindanoNaUzi

Mzee, ni kama ulikuwepo. Yangu 2, yake 1. Wiki nzima nimebishana na mtu kuhusu macho yake.

Mtunza_Mimea

Mimi yalinikuta kwenye herufi. Tovuti yangu inaanza na m, nikasema nitaweka m ndogo, mambo yaishe. Kumbe m ni katika herufi mbaya kabisa kwa kazi hii. Ina nguzo tatu na mapengo mawili. Ukizipa nguzo pikseli 2 kila moja na mapengo 2 kila moja, upana ni 10, hapo bado hujaweka nafasi pembeni. Ukizipa moja moja inaenea, ila mtu wa mbali anaona kama uzio. Mwishowe nikaacha herufi, nikaweka jani moja nene. Kwa hiyo ushauri wangu, weka herufi S tu. Au hapana, S nayo ina mikunjo. Weka I.

Zuhura_wa_Simu

Dada, umesahau ya muhimu zaidi, ile ya simu mtu akiihifadhi tovuti yako kwenye skrini ya mwanzo. Ile ni 180 kwa 180 na inaitwa `apple-touch-icon`. Hapo hata sindano yako inaonekana vizuri na uzi wake wote, sasa unaondoa nini?

SindanoNaUzi

Asante Zuhura, ila hiyo ninayo na haina shida. Nazungumzia kichupo tu. (Na mimi ni kaka, hahaha. Wanaume tunashona pia.)

MzeeWaGridi

Alichosema Zuhura si swali lako, lakini kina faida: si lazima picha zote ziwe sawa. Ya 180 ibaki na sindano. Ya kichupo ichorwe upya, isipunguzwe. Usichukue turubai ya 512 ukaanza kufuta vitu. Anza na turubai ya 16, kila mraba uwe pikseli moja, ujiulize kifungo kinahitaji nini ili kiwe kifungo.

Mimi nasema kinahitaji duara na matundu, basi. Ukingo ondoa, duara lijazwe rangi lote mpaka pembeni. Sindano ondoa, najua inauma. Matundu yako yawe miraba ya pikseli 2 kwa 2, na kati yake pikseli 2. Hesabu upana: 5 za rangi, tundu 2, rangi 2, tundu 2, rangi 5. Jumla 16, hakuna kilichoangukia katikati ya pikseli. Usiogope miraba badala ya miduara. Kwenye pikseli 2, duara na mraba jicho haliwezi kuvitofautisha, ila mraba una ncha safi na duara lina ukungu.

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg" viewBox="0 0 16 16">
  <circle cx="8" cy="8" r="8" fill="#3b2a20"/>
  <path fill="#fff" d="M5 5h2v2H5zM9 5h2v2H9z
    M5 9h2v2H5zM9 9h2v2H9z"/>
</svg>
```

Kuhusu kupima: usimuulize mtu "unaona kifungo?" Ukishamtajia ataona. Fungua vichupo kumi na mbili vya tovuti anazozijua, chako kiwe katikati, umwonyeshe ukurasa wako kidogo, kisha uhamie kichupo kingine umwambie, "Nirudishe kule." Hesabu anasitasita kiasi gani. Favikoni kazi yake ya kwanza ni kutafutwa. Akiitambua kuwa ni kifungo ni nyongeza. Na fanyia kwenye skrini ya mdogo wako, si yako.

Kijana_wa_Vekta

Sawa mzee, nimekubali. Lakini matundu mawili yasingetosha? Yangekuwa makubwa zaidi, pikseli 3 kila moja.

Mtunza_Mimea

Matundu mawili kwenye duara ni pua ya nguruwe.

Kijana_wa_Vekta

Nimejaribu sasa hivi. Ni pua ya nguruwe.

SindanoNaUzi

Nimerudi na majibu. Kwanza nilidhani mambo yamegoma, maana kila nikipakia upya naona sarafu ile ile. Kumbe kivinjari kinaing'ang'ania favikoni ya zamani kwenye akiba yake. Nilipoandika `/favicon.svg?v=2` kwenye kiungo ikabadilika.

Nimewapima watu watatu kwenye kompyuta ya mdogo wangu. Wawili walirudi kwenye kichupo moja kwa moja. Wa tatu, shangazi yangu, alihangaika, akapita juu yake mara mbili. Nilipomuuliza baadaye ameona nini kwenye kile kichupo, akasema hakuona kitu, palikuwa na vidoto vyeupe tu. Mdogo wangu naye sasa anasema ni dadu.

Kerengende

Kompyuta hiyo iko kwenye mandhari meusi, siyo?

SindanoNaUzi

Ndiyo! Umejuaje?

Kerengende

Vidoto vyeupe. Kahawia yako `#3b2a20` juu ya upau mweusi wa vichupo inamezwa, duara lote linapotea, yanabaki matundu yanaelea. Vidoto vinne bila duara ni dadu, halali yake. Kilichofanya kiwe kifungo ni duara, na duara halikuwepo.

Wengine watakwambia uweke `prefers-color-scheme` ndani ya SVG ili rangi ibadilike yenyewe. Inafanya kazi, ila mimi siitegemei, kwa sababu mtu anaweza kuwa amejiwekea mandhari yake ya kivinjari ambayo hayafuati mfumo. Napendelea rangi moja ya katikati inayosimama pande zote mbili. Jaribu `#d9480f`, ni chungwa lililoiva. Juu ya nyeupe inapata utofauti wa 4.3 kwa 1, juu ya weusi wa `#202124` inapata 3.7 kwa 1. Kwa michoro chini ya 3 ndipo mimi huanza kuogopa. Matundu yaache meupe, usiyatoboe yakawa wazi, la sivyo yatakuwa yanabadilika rangi kwa kila upau.

SindanoNaUzi

Chungwa si rangi ya nembo yangu lakini. Kahawia iko kila mahali kwenye tovuti.

Kerengende

Basi weka kahawia ndani ya duara jeupe, ila ukingo mweupe utakula pikseli moja kila upande, kifungo kitabaki 14. Na kwenye upau mweupe ukingo hauonekani, utaona kifungo kidogo tu. Chagua unachopoteza.

SindanoNaUzi

Nimechagua chungwa. Shangazi amerudi kwenye kichupo mara moja, bila kuulizwa mara ya pili. Alipoulizwa ni nini akasema "kifungo, au biskuti." Nitaishi na biskuti.

Ila kuna jambo. Nimeifungua kwenye mashine ya ofisini, skrini imekuzwa asilimia 150, matundu yamekuwa na ukungu tena. Gridi si ilikuwa safi?

MzeeWaGridi

Safi kwa 16, 32 na 48. Kwa asilimia 150 kichupo kinataka 24, na pikseli yako ya 5 inakwenda kuangukia 7.5, ya 7 inaangukia 10.5. Kingo zote za matundu zimekaa nusu nusu. Kwa saizi hiyo inabidi uchore nyingine: 8 za rangi, tundu 3, rangi 2, tundu 3, rangi 8. Jumla 24. Iweke kama PNG ndani ya `favicon.ico` pamoja na ya 16 na ya 32.

Shida ni kwamba ukiwa na SVG pia kwenye ukurasa, vivinjari vingine vitaichukua hiyo na kuiacha `.ico` yako yenye saizi zote. Kwa hiyo ni ama uondoe SVG, ama ukubali ukungu kidogo kwa wa asilimia 150.

Kijana_wa_Vekta

Mimi ningeacha SVG.

MzeeWaGridi

Najua wewe ungeiacha.

SindanoNaUzi

Nimeondoa SVG kwa sasa, nimeweka `.ico` ya saizi tatu. Kesho nitaingia mapema niangalie ile ya ofisini kabla mwenye mashine hajafika.