Tupeane uzoefu: Unapomwandikia mfasiri barua pepe ya kuomba bei, unaweka nini?

Mwanzo wa Mada
Wakuu, kazi yangu ni kutafutia taasisi wafasiri. Nimeona barua nyingi zinazosema tu "Nina kazi ya kutafsiri, ni bei gani?" halafu wiki nzima inaisha kwa kuulizana maswali. Nawawekea barua niliyoituma ya mwongozo wa kutunza pampu ya maji. Nanyi tuambieni mnavyofanya.

> Mada: Ombi la bei: Kiingereza kwenda Kiswahili, maneno 4,800, kufikia 14 Machi
>
> Habari. Tuna mwongozo wa kutunza pampu ya maji, maneno 4,800 kwa hesabu ya faili la Kiingereza, tanbihi zikiwemo. Kuna michoro 6 yenye maandishi ambayo hayamo kwenye hesabu hiyo. Utachapishwa, na pia utasomwa kwa sauti kwenye mikutano ya kamati za maji. Wasikilizaji wengi si mafundi. Tunauhitaji tarehe 14 Machi, saa sita mchana, katika faili la Word. Faili zima nimeliambatisha, na halitabadilika. Naomba bei ya jumla, na uniambie kama muda unatosha.

Alijibu siku hiyohiyo. Bei ya matini akaiweka peke yake na ya michoro peke yake, akauliza swali moja tu: majina ya vipuri yafuate yanayotumiwa na mafundi au yaelezwe?

Kalamu Mbili
Mimi ni mfasiri, na barua kama hiyo naijibu kabla ya zote. Kilichonifurahisha ni "utasomwa kwa sauti". Hapo najua sentensi ziwe fupi, na vifupisho niviandike kwa kirefu. Mwongozo uleule ungekuwa wa mafundi, ningeandika "badilisha gaskiti" nikaendelea. Kwa kamati ya maji lazima niseme ni ule mpira unaozuia maji yasivuje kwenye maungio. Maneno yanaongezeka na muda unaongezeka, kwa hiyo heri nijue kabla sijataja bei.

Baba Neema
Mimi nalipa kwa maneno ya Kiswahili yaliyotoka. Ndiyo haki, unalipia ulichopokea.

Kalamu Mbili
Baba Neema, kuna mahali hilo linafaa: ukiletewa karatasi zilizoskaniwa ambazo kompyuta haiwezi kuzihesabu. Lakini kama faili lipo, hesabu ya lugha chanzi ni bora kwa sababu wote wawili mnaijua kabla kazi haijaanza. Ukihesabu mwishoni, hakuna anayejua bei mpaka kazi iishe, na anayeandika kwa kuzunguka ndiye anayelipwa zaidi. Tena Kiswahili hubeba mtenda na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, hivyo maneno kwa kawaida hupungua ukitoka Kiingereza. Mkiwa na viwango viwili tofauti kichwani, mtagombana bure. Andikeni waziwazi ni hesabu ya upande upi.

Baba Neema
Hilo la kuzunguka nakubali. Ila mfasiri wangu ni yuleyule miaka yote, hatujawahi kugombana.

Zuhura
Samahani, mimi nina cheti cha kuzaliwa, ukurasa mmoja, maneno hayafiki 150. Niandike hivyohivyo na wasomaji ni nani?

Mwanzo wa Mada
Dada Zuhura, kwako la kwanza ni matumizi. Iulize ofisi itakayokipokea kama inataka mfasiri aliyeapishwa, au muhuri na tamko la usahihi, kisha uyanakili masharti hayo kwenye barua. Hesabu ya maneno haitakusaidia sana, maana hati fupi wengi huzitoza kima cha chini au kwa ukurasa.

Mhariri
Niongeze la muda. Mfasiri mzoefu kwa kawaida hufanya takriban maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Hayo 4,800 ni siku mbili hadi tatu, na siku nyingine ya kupitia upya. Anayeahidi yote kesho asubuhi, muulize ni nani atakayeyasoma kabla hujaletewa. Na hili "halitabadilika" lisemeni mkiwa na hakika. Mwandishi akirekebisha aya katikati ya kazi, tumeni faili lenye alama za mabadiliko. Mkituma faili jipya lisilo na alama hizo, mfasiri analazimika kulinganisha mstari kwa mstari, na hiyo ni kazi nyingine ya kulipiwa.

Baba Neema
Na bajeti je? Mimi naitaja mapema.

Mwanzo wa Mada
Mimi sitaji, nataka bei yake halisi kwanza.

Kalamu Mbili
Hapo natofautiana nawe, mkuu. Ukinitajia, naweza kukuambia mara moja kwamba inatosha kutafsiri ila haitoshi kumlipa msomaji wa pili, ukaamua mwenyewe. Barua yako ya pampu haikusema nani ataipitia kazi ya mfasiri. Ni ninyi au ni yeye?

Mwanzo wa Mada
Aliniuliza baadaye. Sasa naliongeza kwenye barua. Bajeti bado sijashawishika.