Naomba ushauri: bei moja isiyobadilika, au malipo kwa saa na vifaa, ikiwa hatujui kilichomo ndani ya kuta?

Mpangazabuni
Ndugu wadau, ninaandaa mpango wa manunuzi wa kubadilisha nyaya za umeme katika jengo kuukuu la ghorofa tatu lenye vyumba 60, vyumba 20 kila ghorofa. Michoro ya awali imepotea, hivyo hakuna anayejua kama mabomba ya kupitishia nyaya yaliyozikwa kwenye plasta bado ni mazima. Pale yalipo mazima, fundi huvuta nyaya za zamani na kupitisha mpya. Pale ambapo yameoza au kuziba, ukuta lazima uchimbwe.

Wazabuni wawili wamebaki. Wa kwanza ametoa bei moja isiyobadilika ambayo, tukiweka vifaa kando na kuigawa kwa kiwango cha saa cha mwenzake, inalingana na saa 2,400 za kazi. Wa pili anataka alipwe kwa saa na vifaa, na anakadiria saa 1,500. Mkubwa wangu anasema bei isiyobadilika ndiyo salama, nami naona tofauti ya saa 900 ni kubwa mno kuilipia usalama ambao siwezi kuuonyesha kwa kidole. Mngechagua upi?

Tumbilimwerevu
Ndugu mleta mada, chukua wa saa na vifaa, lakini mwekee kikomo cha saa 1,800. Akivuka hapo, hasara ni yake. Kwa njia hiyo unapata bei ndogo na ulinzi ule ule wa bei isiyobadilika.

Bibi Daftari
Ndugu Tumbilimwerevu, kikomo ni kizuri na nisingesaini mkataba wa saa bila kikomo, ila ulinzi wake si ule ule. Katika bei isiyobadilika mkandarasi ameahidi vyumba 60 vilivyokamilika. Katika mkataba wa saa ameahidi saa za kazi zilizofanywa kwa uangalifu. Saa 1,800 zikiisha akiwa chumba cha 47, kwa kawaida ana haki ya kukusanya vifaa vyake na kuondoka, na mleta mada atabaki na vyumba 13 vyenye kuta zilizotobolewa na hana wa kumdai. Mfuko wake umelindwa, kazi yake haijalindwa.

Kabla ya kuchagua, ningependa kuona maandishi madogo ya yule wa kwanza. Je, ameandika chochote kuhusu hali isiyoonekana wakati wa ukaguzi?

Mpangazabuni
Bibi, umegusa penyewe. Ukurasa wa mwisho unasema: "Uchimbaji wa kuta utakaotokana na hali isiyoonekana wakati wa ukaguzi utalipwa kando kwa saa." Nilidhani ni maneno ya kawaida tu.

Kipimamaji
Naomba niseme yaliyonikuta, ingawa kazi yetu ilikuwa ya mabomba ya maji. Tulimbana mkandarasi kwa bei isiyobadilika ya chini, tukajipongeza. Alipogundua kazi imemzidi, hakulalamika hata mara moja: aliwaondoa mafundi wazoefu, akaleta wanagenzi, na viungo vilivyokuwa nyuma ya ukuta akavifunga ovyo kwa kuwa hakuna aliyekuwa akivitazama. Uvujaji ulianza baada ya muda wa matazamio kwisha. Mradi uliofuata tukakimbilia malipo ya saa, na huko nako nikakutana na karatasi inayoonyesha mafundi wanne wamefanya kazi saa nane kila mmoja, siku ambayo vifaa vyenyewe vilifika jioni. Je, malipo ya awali mnatoa asilimia ngapi?

Bibi Daftari
Ndugu Kipimamaji, la malipo ya awali lingefaa uzi wake. Hayo mengine yanaingia hapa moja kwa moja: bei isiyobadilika humfanya mkandarasi abane kazi, malipo ya saa humfanya asiwe na haraka, na katika hali zote mbili unahitaji jicho lako kwenye eneo la kazi. Kwenye bei moja jicho hilo linatazama ubora kabla plasta haijarudi, na kwenye saa linatazama karatasi, ambayo lazima isainiwe siku ile ile na mtu aliyekuwapo.

Sasa turudi kwa mleta mada. Bei ya wa kwanza, kwa kifungu kile, inakutoza saa 2,400 halafu inakuachia hatari ile ile uliyotaka kuikimbia. Kifungu kikibaki, bei hiyo usiihesabu kuwa isiyobadilika.

Muulize wa pili alivyofika kwenye 1,500. Naamini amechukulia vyumba vingi ni vyepesi. Tuseme chumba chepesi ni saa 20 na kigumu ni saa 45: vyumba 12 vikiwa vigumu unapata 1,500 kamili, vikiwa 30 unapata 1,950, na ili ufike 2,400 lazima vigumu viwe 48 kati ya 60. Swali lako basi si mkataba upi ni salama, ni vyumba vingapi vimeoza.

Hatari hapa ziko mbili, na watu huzifunga kitita kimoja. Moja ni wingi wa vyumba vigumu, ambao mkandarasi hawezi kuupunguza hata akijitahidi vipi. Nyingine ni kasi ya mafundi, ambayo ni yeye pekee anayeimudu. Ukimbebesha ya kwanza atakutoza kwa hofu. Ukimwondolea ya pili atajisahau. Omba bei maalumu kwa chumba chepesi na nyingine kwa chumba kigumu, nawe ulipe idadi halisi. Kabla ya hapo, toboa vyumba sita, viwili kila ghorofa, kwa malipo ya saa, na wazabuni wote wawili wawepo.

Mpangazabuni
Ninarudi na majibu. Tulitoboa vyumba sita: ghorofa ya chini vyote viwili ni vigumu, ya kati kimoja, ya juu vyote vyepesi. Mzabuni wa pili amekubali bei za aina mbili kwa saa 20 na 45. Wa kwanza amefuta kile kifungu, lakini amepandisha bei hadi sawa na saa 2,700.

Bibi Daftari
Piga 60 mara 45 uone: ni 2,700. Amekutoza kana kwamba kila chumba kimeoza, na simlaumu, kwa kuwa hatari umempa yeye.

Wewe sampuli yako inaelekeza vigumu 30 hivi, yaani 1,950, ingawa vyumba sita ni vichache na nisingeapa kwa hilo. Tenga akiba hadi 2,250, ambayo inavumilia vigumu 42, na akiba hiyo ikae mikononi mwako, isiandikwe kwenye mkataba. Kisha mkubaliane kwa maandishi chumba kigumu ni kipi: kwa mfano, waya wa kuvutia umekwama mara mbili mbele ya msimamizi, picha ikapigwa, na pande zote mbili zikasaini kabla ya kuchimba. Bila hilo, vyumba vyepesi vitaadimika.

Tumbilimwerevu
Nimekubali kuhusu kikomo. Lakini bei ya shaba ikipanda katikati ya kazi, nyaya ni za nani?

Mpangazabuni
Hapo ndipo tulipokwama. Mzabuni anataka vifaa vilipwe kwa risiti pamoja na nyongeza yake ya asilimia, na mimi naona asilimia hiyo inamfanya afurahie nyaya zikiwa ghali. Ninafikiria tununue nyaya wenyewe mwanzoni, ila zikipungua au zikikatwa vibaya sijui nitamdai nani.