Kesi isiyokuwepo: masjala iikatae hati, au wakili wa upande wa pili aisake?

Wakili kijana, Mwanza: Nimepokea hoja za maandishi za upande wa pili, zina kesi 11. Mbili sizioni popote. Kwa nini masjala inapokea hati kama hizi? Mimi naona kila anayetaja kesi aambatishe nakala ya hukumu, na asipoambatisha hati irudishwe. Mnasemaje?

Karani mstaafu wa masjala: Mwanangu, nimekaa dirishani miaka mingi, acha nikwambie karani anatazama nini. Ada imelipwa, sahihi ipo, namba ya shauri ni yenyewe, hati imekuja ndani ya siku zilizopangwa. Basi. Siku nitakayomwambia wakili "kesi yako ya tatu haipo", nitakuwa nimeamua jambo la jaji. Na nikikosea je? Hati imerudi, muda umekwisha, mteja amepoteza haki yake kwa kuwa karani hakuijua hukumu ya mwaka 1987. Siku hizi hati zinaingia kwenye mfumo usiku wa manane, karani anazikuta asubuhi zimejaa foleni. Nani atasoma kesi 11 kwa kila hati?

Mwanafunzi wa sheria, Nairobi: Shikamoo mzee. Kwa heshima, mbona hiyo kazi ni ya dakika mbili? Andika jina la kesi kwenye tovuti za hukumu, Kenya Law au TanzLII. Ikitokea, ipo. Isipotokea, imebuniwa. Karani yeyote anaweza.

Wakili, Dar es Salaam: Nianze na la wakili msomi wa Mwanza, kwa sababu sharti la nakala limeshajaribiwa mahali pengine na halikuzuia chochote.

Ni kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mahakama ya shirikisho ya New York, mbele ya Jaji Castel. Roberto Mata alidai kwamba kitoroli cha chuma cha kugawia vinywaji kilimgonga goti ndani ya ndege mwaka 2019. Shirika la ndege likasema amechelewa, Mkataba wa Montreal unatoa miaka miwili tu. Mawakili wake wakajibu Machi 1, 2023 kwa kutaja kesi kadhaa, ya mbele kabisa ikiwa Varghese dhidi ya China Southern Airlines, 925 F.3d 1339, ya Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa 11, mwaka 2019. Machi 15 mawakili wa Avianca waliandika kwa upole kwamba wamezitafuta nyingi ya kesi hizo na hawakuzipata. Hawakusema "uongo", walisema hatukuzipata.

Jaji akafanya hasa unachokipendekeza. Aprili 11 aliamuru waambatishe nakala. Aprili 25 nakala zikaja, zimeapiwa! Wakili alikuwa amerudi kule kule alikozitoa kesi, kwenye ChatGPT, akaiomba hukumu zenyewe, ikamtengenezea. Sasa kungekuwa na sharti lako la masjala, karani angeona nakala zipo, angegonga muhuri na kupitisha.

Kilichoziumbua ni mambo matatu, na mawili kati yake hayakutoka mkononi mwa aliyezileta. Kwanza, ukifungua juzuu ya 925, ukurasa wa 1339, unajikuta katikati ya kesi nyingine kabisa, J.D. dhidi ya Azar. Pili, hukumu yenyewe ukiisoma haishikiki. Inaanza na msimamizi wa mirathi anayedai fidia ya kifo cha marehemu, mara inageuka kuwa madai ya abiria mwingine aliyezuiwa kupanda ndege, na inakatika bila kufika kwenye amri. Tatu, na hili ndilo lililomaliza ubishi, mahakama ilimuuliza karani wa Mzunguko wa 11. Karani akajibu kwamba tangu mwaka 2010 hapajawahi kuwa na mdaawa mwenye jina la Varghese pale, na kwamba namba ya shauri iliyoandikwa kwenye ile nakala, 18-13694, ni ya George Cornea dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani.

Kwa hiyo, mzee, karani ana kazi kubwa hapa. Ila ni karani wa mahakama inayodaiwa kutoa hukumu, siyo yule anayepokea hati.

Karani mstaafu wa masjala: Hapo tumeelewana. Rejista haidanganyiki kwa urahisi. Namba ikishatolewa kwa shauri moja haitolewi kwa lingine la aina hiyo mwaka huo huo katika masjala ile ile. Mtu akibuni kesi anabuni na namba, na namba hiyo ama ina mwenyewe, ama imevuka idadi ya mashauri yote ya mwaka ule. Nimeshaona rufaa iliyotajwa kwa namba kubwa kuliko rufaa zote zilizofunguliwa mwaka mzima katika masjala hiyo.

Mama, Tanga: Samahani kuingilia, mimi si mwanasheria. Nilishinda kesi ya kiwanja miaka ya nyuma. Leo jirani amefungua upya, naambiwa nilete namba ya hukumu. Nimeipeleka, wanasema jalada halionekani na kwenye mtandao haimo. Mnamaanisha kesi yangu nami nimeibuni? Mbona nilikaa pale mahakamani, nikaapa, nikasomewa uamuzi?

Wakili, Dar es Salaam: Mama yangu, hapana, hukubuni. Mada yetu ni nyingine kidogo, lakini umemjibu kijana wa Nairobi kuliko ambavyo ningemjibu mimi. Mdogo wangu, kwa kipimo chako kesi ya mama huyu haipo.

Nchini kwetu hukumu nyingi, za Mahakama ya Rufani zikiwemo, zilitajwa kwa miaka mingi kama "haijaripotiwa": majina ya wadaawa, rufaa namba fulani, ya mwaka fulani, mahali ilipoamuliwa. Baadhi ziliingizwa mtandaoni baadaye kama picha za karatasi zilizofifia, na kitafutio hakisomi picha iliyofifia. Jina la mdaawa nalo limeandikwa kwa tahajia mbili. Ukianza na jina unapotea, anza na namba. Kwa hukumu za karibuni mambo ni mepesi, kwa kuwa zina mwaka kwenye mabano, kisha kifupi cha jina la mahakama, TZCA au TZHC kwetu, KECA au KEHC kwenu Kenya, kisha namba moja tu isiyorudiwa. Ifungue. Ikikuletea kesi nyingine, hapo una kitu mkononi. Isipokuletea kitu, bado huna ushahidi, una swali.

Kwa zile za zamani mimi hutafuta jina ndani ya hukumu nyingine badala ya kuitafuta hukumu yenyewe. Kesi inayodaiwa kuweka msimamo miaka 20 iliyopita lazima kuna jaji aliyeitaja baadaye. Kama hakuna hata mmoja, naandika barua masjala husika na kulipia upekuzi.

Jihadharini pia na inayofanana na kosa la uchapaji. Ndani ya ile hukumu ya Varghese imetajwa Zicherman dhidi ya Korean Air Lines, 516 F.3d 1237, mwaka 2008. Zicherman ya kweli ipo, ya Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1996, 516 U.S. 217. Jina lile lile, 516 ile ile. Anayepitia haraka atasema wamekosea mwaka, atasonga mbele. Ile ya 2008 haipo.

Mwanafunzi wa sheria, Nairobi: Nakubali kwa "isipotokea". Nimejifunza. Lakini "ikitokea, ipo" bado nasimama nayo.

Wakili, Mombasa: Ipo, lakini je, inasema hivyo? Mwezi uliopita nilitajiwa kesi halisi, namba halisi, jaji halisi, na aya waliyoinukuu haimo ndani. Hiyo masjala itaigundua vipi? Kuthibitisha kuwepo ni hatua ya kwanza tu, na ndiyo rahisi.

Mimi kinachoniuma ni gharama. Kesi 11 nikizipitia kwa utaratibu wa mwenzangu wa Dar, siku nzima imekwenda, na anayelipa ni mteja wangu ambaye hakubuni lolote. Kule Afrika Kusini, kesi ya Mavundla, Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg, Januari 2025, zilitajwa kesi tisa na zilizopatikana kuwa za kweli ni mbili. Aliyezisaka ni jaji mwenyewe na watafiti wa mahakama. Jaji Bezuidenhout aliwapa nafasi waende wakalete nakala, hawakuleta. Mwisho aliamuru kampuni ya mawakili ilipe gharama za zile siku za ziada kutoka mfukoni mwake, na suala likapelekwa kwenye baraza linalosimamia mawakili. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: aliyezitaja alipe, siyo mteja wake wala wangu.

Karani mstaafu wa masjala: Gharama nakubali. Lakini msisahau wasio na mawakili. Mtu anajitetea mwenyewe, ameandikiwa hati pale stesheneri, hajui hata kilichoandikwa. Naye mtamtoza?

Wakili, Mombasa: Kwa huyo sina jibu la haraka, mzee. Kumtoza ni ukatili, kumwachia ni kumpa mwandishi wa stesheneri uwanja.

Wakili kijana, Mwanza: Nimerudi. Nilianza na namba kama mlivyosema. Kesi ya kwanza ipo! Wamekosea mwaka, iliamuliwa Tabora wao wameandika Dodoma, na inasema wanachosema. Ningeiita ya kubuni mbele ya jaji, ningejiaibisha. Ya pili, namba inafungua shauri la mirathi wakati wao wanadai ni la mkataba wa mauziano, na hakuna hukumu nyingine inayoitaja. Nimeomba upekuzi masjala. Sasa niseme kwenye hoja za majibu, au niwaandikie wao kwanza?

Wakili, Dar es Salaam: Waandikie kwanza, barua fupi, uwape siku chache: "Hatukuipata, tafadhali tupatieni nakala iliyothibitishwa na mahakama." Usitumie neno uongo. Jaji Castel aliwatoza wale mawakili dola 5,000 na kuwaagiza wawaandikie barua majaji waliosingiziwa kuandika hukumu zile, na alisema wazi kwamba mambo yangekuwa tofauti kama wangekiri mapema, baada ya kuhojiwa Machi 15. Mpe mwenzako Machi 15 yake.

Wakili, Mombasa: Mimi singesubiri. Barua inampa nafasi ya kuiondoa kimya kimya na jaji asijue. Iandike kwenye majibu, ambatisha jibu la masjala, mwachie jaji.

Karani mstaafu wa masjala: Hilo jibu la masjala ndilo la kwanza. Bila karatasi yenye muhuri wote wawili mnabishana hewani. Umelipia upekuzi lini, mwanangu?

Wakili kijana, Mwanza: Jana mchana, mzee. Wamesema Alhamisi. Hoja zangu zinatakiwa Ijumaa.