Nauza nyumba yenye ufa na iliwahi kuingia maji: niseme kiasi gani?

Muuzaji: Ufa uko chumba cha nyuma, umezibwa mara mbili na umefunguka tena. Maji yaliingia mara moja, yakaishia chini kidogo ya soketi. Dalali anasema niandike "ina marekebisho madogo" basi. Nimweleze mnunuzi kiasi gani, na kwa maneno gani?

Dalali Mkongwe: Andika "inauzwa kama ilivyo", umemaliza. Mnunuzi ana macho, na aje na fundi wake. Ukimwaga kila kitu kwenye tangazo hapigi hata simu.

Mwashi: Maneno hayo hayakukingi kwa jambo ulilolijua ukalifunika. Ufa uliozibwa na kupakwa rangi fundi wake atauonaje? Na ufa uliofunguka mara mbili si wa lipu tu, ukuta unatembea. Ukiuita "marekebisho madogo" umedanganya. Muuzaji, pima upana wake juu na chini, kisha andika hivi: "Chumba cha nyuma, ukuta wa nje: ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha kushuka sakafuni. Upana milimita kadhaa juu, kadhaa chini, umepimwa tarehe fulani. Umezibwa mara mbili, ukafunguka mara zote mbili. Chanzo hakijachunguzwa." Ukiwa mpana zaidi juu, mara nyingi upande mmoja wa msingi unazama, lakini hilo usiliandike kama hakuna aliyelithibitisha. Andika ulichoona, ulichofanya na usichokijua. Na anayepaka rangi wiki moja kabla ya kuonyesha nyumba, huyo anaficha.

Brashi Mbili: Hilo la mwisho lifute. Nyumba karibu zote hupakwa rangi kabla ya kuuzwa. Mnatufanya mafundi rangi wote washirika wa utapeli?

Mwashi: Nyumba nzima sina neno. Ukuta mmoja tu, wenye ufa, ndio nauliza kwa nini.

Brashi Mbili: Kwa sababu umechafuka! Mwenye nyumba akitaka rangi, piga kwanza picha ya ufa rula ikiwa pembeni, ambatanisha na maelezo, halafu paka. Hapo kuna siri gani?

Mwashi: Ukiwa na picha hakuna siri. Wangapi wanapiga?

Kona ya Dirisha: Mnabishana bure. Gundisha kipande cha kioo chembamba juu ya ufa. Wiki mbili kikiwa kizima, ukuta umetulia, andika "ufa wa zamani".

Mwashi: Kioo sawa, wiki mbili hapana. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo kingoje msimu wa mvua na wa kiangazi. Tena kigundishwe kwenye tofali lenyewe. Ukikibandika juu ya rangi, rangi inabanduka nacho kikiwa kizima, nawe unadhani umepona.

Mpangaji: Mimi ukuta wangu unatoa jasho kila asubuhi. Mwenye nyumba alipaswa kuniambia?

Brashi Mbili: Hapa tunazungumzia kuuza. Ila jasho la asubuhi kwanza fungua madirisha, mara nyingi ni mvuke wa ndani.

Mama Msingi: Mbona maji mmeyaacha? Ndiyo yatakayoleta kesi. "Iliwahi kuingia maji" haitoshi. Taja kina kwa sentimita kutoka sakafuni, yalikaa saa ngapi au siku ngapi, yaliingilia wapi, na kilichofanyika baadaye. Usiandike "hayajarudi" ukaishia hapo. Kama mtaro ni uleule na mvua kubwa kama ile haijanyesha tena, huo ni nusu ukweli. Andika: "Hayajarudi tangu hapo, mtaro haujapanuliwa." Na soketi kutoguswa na maji si salama bado. Lipu hunyonya unyevu kupanda juu ya alama ya maji, na waya zikishuka ndani ya ukuta huenda zililowa. Kama fundi umeme hajazipima, sema hazijapimwa. Chumvi nyeupe ikitoka chini ya ukuta, itaje pia.

Dalali Mkongwe: Yote hayo kwenye tangazo?

Mama Msingi: Si lazima. Ila yamfikie kwa maandishi kabla hajataja bei, na asaini kuwa ameyapokea.

Dalali Mkongwe: Kabla ya bei siafiki. Kabla ya malipo inatosha.

Mama Msingi: Akishataja bei, bei hiyo ameitoa bila kujua. Utamrudisha mezani upya na amekwisha kukushuku.

Muuzaji: Nimepima: milimita 4 juu, 1 chini. Maji sentimita 25, yalikaa usiku mmoja, mtaro haujaguswa. Ukuta huo nilishaupaka rangi mwezi uliopita, picha sina.

Mwashi: Basi na hilo liandike, pamoja na mwezi uliopaka.

Brashi Mbili: Bado hujafuta ile sentensi yako.