Hotuba ya dakika 40, sentensi gani ikae kwa maandishi makubwa?

Mtunza_Daftari
Wakuu, wakubwa shikamooni. Naandaa jarida la chama chetu cha akiba na mikopo hapa Temeke. Habari kubwa ni hotuba ya kuaga ya mwenyekiti: dakika 40, nimeiandika kutoka kwenye rekodi ikafika kurasa 9. Jamaa anayetupangia kurasa kule Kariakoo ameacha nafasi katikati ya ukurasa kwa sentensi moja ya kukuza, na kesho asubuhi anachapa. Nimebaki na tatu.

Katibu anaitaka hii: "Chama chetu kitaendelea kusimamia uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa wanachama wote." Ya pili ilipigiwa makofi ukumbi mzima: "Hilo ndilo lililotaka kutuua, na hatutalirudia." Ya tatu nimeipenda mwenyewe: "Ukimkopesha ndugu bila mdhamini, umemsaidia." Niende na ipi?

MC_Kigamboni
Ya pili, usijiulize mara mbili. Mimi nashika maiki kila Jumamosi, makofi hayadanganyi. Watu wakishangilia ujue imewagusa.

KalamuNyekundu
MC, imewagusa waliokuwepo. Walishasikia yaliyotangulia, na mzee bila shaka alinyamaza kidogo kabla ya kuitoa. Msomaji wa jarida anafunua ukurasa, jicho linatua kwenye maandishi makubwa kabla hajasoma kitu kingine. "Hilo" lipi?

Mtunza, ichukue hiyo sentensi, iandike peke yake kwenye kipande cha karatasi, umpe mtu ambaye hakuhudhuria. Akiuliza "nani?" au "kitu gani?", achana nayo. Hilo, huyo, hapo, ndiyo maana, zote zinaegemea kilichosemwa nyuma. Kuna na zile zinazojificha ndani ya kitenzi: "tuliukataa", ule mkopo au ule ushauri?

Ya katibu haina tatizo hilo, ila ukiisoma huwezi kujua ni hotuba ya nani. Chama chochote kingeweza kuisema. Ya tatu inanitia wasiwasi. Weka aya nzima tuione.

Mama_Junia
Hata mimi nilihangaika hivyohivyo na kadi ya mchango wa harusi ya mwanangu. Mwisho nikaweka methali, kila mtu akasifia. Weka methali mdogo wangu.

Mtunza_Daftari
Asante dada, ila lazima yawe maneno yake mwenyewe. Aya hii hapa:

"Miaka ile tulikuwa tunaambiana, ukimkopesha ndugu bila mdhamini, umemsaidia. Tulidanganyana. Ndugu akishindwa kulipa hakimbii deni peke yake, hata msibani kwako haji. Hilo ndilo lililotaka kutuua, na hatutalirudia."

KalamuNyekundu
Basi ungemchapa mzee kwa herufi kubwa akisifia jambo lilelile analolikanusha. Maneno ni yake kweli, lakini msimamo si wake. Sentensi ikikuvutia, soma mbili za kabla na mbili za baada. Wahutubiaji hupenda kuitaja hoja ya upande wa pili kwanza ndipo waivunje, na hoja ile mara nyingi huwa imekaa vizuri mdomoni.

Unayoitafuta ipo katikati hapo: "Ndugu akishindwa kulipa hakimbii deni peke yake, hata msibani kwako haji." Ina mtu, ina tendo, haiegemei kitu. Na asiyejua lolote kuhusu chama chenu atataka kujua ilikuwaje.

Kuhusu urefu, maneno yetu ni marefu, kwa hiyo hesabu mistari. Kwenye safu nyembamba ikipita mistari mitano inakuwa aya nyingine tu, na "ushirikishwaji" peke yake inaweza kumaliza mstari. Halafu usiibandike ubavuni mwa aya yenyewe, msomaji atakutana na kitu kilekile mara mbili. Ikae ukurasa unaotangulia. Kabla ya kuipeleka, rudisha rekodi usikilize kama alisema "haji" au "hatakuja".

Pwani_Mchumi
Au abaki na ya pili, badala ya "Hilo" aweke mabano ya mraba: "[Mkopo usio na mdhamini] ndio uliotaka kutuua."

KalamuNyekundu
Ndani ya habari, sawa. Kwa herufi kubwa yale mabano ndiyo yatakayoonekana kwanza. Na umeshabadilisha "ndilo lililotaka", hayo si maneno yake tena.

Mtunza_Daftari
Nimesikiliza rekodi, ni "haji". Ila nimemsomea mama mwenye nyumba wangu, ambaye si mwanachama, akacheka, kisha akaniuliza: "Kwani ni nani huyo hakuja msibani?" Mwenyekiti alifiwa miaka ya nyuma, na wanachama wengine ni ndugu zake.

MC_Kigamboni
Hapo ndipo patamu! Watasoma jarida lote.

KalamuNyekundu
Hapana MC. Kama kuna mtu mmoja ambaye Temeke nzima itamnyooshea kidole, hiyo si ya kukuza hata iwe nzuri vipi. Ndani ya habari ibaki, alishaisema hadharani. Mpigie mzee usiku huu.

Mtunza_Daftari
Simu yake inaita tu, haipokelewi. Katibu naye ameshaniuliza ya kwake nimeiweka ukurasa gani.