Baba ana divetikulitisi: daktari mmoja hampi dawa, mwingine anataka kisu

Kijana wa Tudor: Hamjambo wana Mombasa. Babangu ana miaka 63, anaumwa na tumbo upande wa kushoto chini, na homa ipo. Skani ya CT imesema ni divetikulitisi, ukuta wa utumbo mpana umevimba na kuna vijifuko vidogo. Daktari wa kwanza amemwambia arudi nyumbani, ale vyepesi, hana haja ya antibiotiki. Wa pili anataka apasuliwe kwa kuwa hii ni mara ya pili. Je, daktari ana haki ya kumnyima mtu antibiotiki ilhali uvimbe unaonekana kwenye picha?

Mpenda Haki wa Nyali: Ana haki kabisa. Shida yetu tukitoka hospitali bila bahasha ya vidonge twaona tumeibiwa. Waswidi walichukua wagonjwa mia sita na ushei wa ugonjwa huu huu, nusu wakapewa antibiotiki, nusu dripu ya maji tu. Wakapona sawasawa. Ilichapishwa 2012. Mjadala umekwisha.

Bi Saumu wa Kuze: Nani kakupa kuufunga mjadala? Mjomba wangu aliambiwa hayo hayo. Siku ya nne tumbo likawa gumu kama ubao, tukamvusha feri usiku. Alipasuliwa, akaamka na mfuko wa choo ubavuni. Huu mwezi wa kumi anangoja kuunganishwa na pesa hazijatimia. Nenda kamwambie yeye habari za Waswidi.

Mpenda Haki wa Nyali: Pole kwa mjomba, Bi Saumu. Lakini mtu mmoja si utafiti.

Bi Saumu wa Kuze: Kwako si utafiti. Kwangu ndiye aliyenilipia karo.

Mzee wa Likoni: Nyote mwapiga kelele na hakuna aliyeuliza mgonjwa alikuwa akila nini. Huu ni ugonjwa wa mbegu. Pera, nyanya, bisi, na hizi korosho za barabarani. Punje inaingia kwenye kijifuko, inanasa, inaoza. Na zamani ulikuwa ugonjwa wa wazungu, sisi hatukuujua.

Muuza Korosho Kongowea: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umenigusa pabaya. Nauza korosho za Kilifi mwaka wa kumi na moja, na kila aumwaye tumbo yuaja kunitazama mimi. Mbona hamsemi kitu kuhusu viazi karai vilivyokaangwa kwa mafuta ya juzi?

Mzee wa Likoni: Marahaba. Sikukutaja wewe.

Muuza Korosho Kongowea: Umesema za barabarani. Mimi niko barabarani.

Mstaafu wa Upasuaji: Muuza korosho ana haki yake. Amerika walifuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 18, na 2008 wakatoa matokeo: walao karanga na bisi kwa wingi hawakuugua zaidi ya wengine. Mzee hakuliokota jambo lake njiani, hata sisi tulifundishwa hivyo. Na hilo la wazungu lina asili. Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliandika na mwenzake Painter 1971 kwamba Waafrika walao vyakula vyenye makapi mengi hawauguwi sana. Lakini unga wetu siku hizi ni mweupe pe, na mimi nimeupasua ugonjwa huu hapa pwani.

Sasa Kijana wa Tudor, mwanangu, naomba maneno ya ripoti kama yalivyo. "Vijifuko vidogo" laweza kuwa jambo la mbali kabisa na lingine. Vipo vile vya ukuta wenyewe kutuna kwenda nje, pale mishipa ya damu inapopenya. Hivyo watu wengi wanavyo na hawajui. Kipo kijifuko cha usaha, yaani jipu. Na kipo cha hewa iliyotoka nje ya utumbo, yaani utumbo umetoboka. Neno moja, na tiba tatu.

Muuza Korosho Kongowea: Bi Daktari, hilo la 47,000 nalibandika kwenye mkokoteni.

Kijana wa Tudor: Nimeisoma tena, nimeitafsiri nilivyoweza. Ukuta wa utumbo milimita 8. Vijifuko vingi vya ukuta. Mafuta ya pembeni yametibuka. Kuna mkusanyiko wa majimaji sentimita 2.5 ubavuni mwa utumbo, kingo zake zang'aa kwa dawa ya skani. Hakuna hewa huru tumboni.

Mstaafu wa Upasuaji: Basi huo mkusanyiko wenye kingo zinazong'aa ni jipu dogo, na hapo Nyali ameteleza. Waswidi wale walichagua watu wenye uvimbe peke yake. Mwenye jipu au hewa nje hakuingizwa. Ungeniambia ukuta umenenepa na mafuta yametibuka tu, mgonjwa ana nguvu na anakunywa, ningekubaliana na yule daktari wa kwanza. Kwa jipu, antibiotiki zinahitajika.

Lakini kisu hapana, si sasa. Jipu lisilofika sentimita 3 mara nyingi huisha kwa dawa. Likipita 4 hivi, huingizwa mrija mwembamba kupitia ngozi huku wakiangalia kwenye skani, usaha ukatoka. Katikati ya hapo madaktari hubishana, nami nimebishana sana. Tunamtazama siku mbili tatu: homa ishuke, maumivu yapungue, damu ionyeshe uvimbe unatulia. Isipokuwa hivyo, skani irudiwe.

Kupasua usiku ni kwa tumbo lililokuwa ubao, au hewa na kinyesi vimemwagika ndani. Bi Saumu, ndiyo maana mjomba alipata mfuko. Utumbo uliovimba na kuoga usaha haushiki uzi vizuri, ukiuunganisha papo hapo waweza kuachia. Na kanuni ya "mara mbili, kata" ni ya zamani. Siku hizi twauliza inamrudia vipi, inamharibia maisha kiasi gani, na tukiamua kukata tunangoja utulie.

Mpenda Haki wa Nyali: Nakubali la jipu. Lakini swali lilikuwa la uvimbe, na kwa uvimbe nimesema kweli.

Bi Saumu wa Kuze: Na mjomba wangu je? Skani yake nani aliisoma mpaka chini? Pengine naye alikuwa na hako kajipu.

Mstaafu wa Upasuaji: Siwezi kukujibu bila kuiona, Bi Saumu.

Mzee wa Likoni: Mimi bado pera silimezi na mbegu.

Kijana wa Tudor: Bi Daktari, jambo jingine. Baba ana pumu, na tangu mwezi uliopita anameza prednisoloni kila siku. Ina uhusiano? Sababu leo anasema maumivu yamepungua, anataka kuchelewesha.

Mstaafu wa Upasuaji: Hilo ndilo ungelianzia, mwanangu. Prednisoloni hudhoofisha kinga, utumbo hutoboka kwa urahisi zaidi, na mbaya zaidi huficha dalili. Tumbo laweza kuwa limechafuka na likabaki laini mkononi. Kwa mtu kama huyo simwamini anaposema nafuu. Alazwe leo, dawa zipitie mshipani, mpasuaji amwone kila siku. Na asiiache prednisoloni ghafla, awaambie anaimeza. Akipona, baada ya wiki sita hadi nane apigwe kamera ya utumbo, maana saratani nayo hunenepesha ukuta vivyo hivyo kwenye skani.

Mpenda Haki wa Nyali: Basi daktari wa kwanza alijua kuhusu prednisoloni au hakujua? Tusimhukumu.

Bi Saumu wa Kuze: Aliuliza?

Kijana wa Tudor: Hakuuliza, na sisi hatukusema. Tuko kwenye tuktuk sasa. Baba anauliza kama wodini ataruhusiwa mahamri.

Muuza Korosho Kongowea: Mahamri yana mafuta. Mletee korosho.

Mstaafu wa Upasuaji: Uji mwepesi. Na wewe, ondoka hapa.