Tupeane uzoefu: nani mafuta yalimzidishia mba?

Wa Uyole: Leo nimemwona muuza mafuta ya nyonyo anasema "inaua mba", nikakumbuka mateso yangu. Baridi ya Juni mnaijua, mafuta ya nazi yanaganda mpaka uloweke kopo kwenye maji ya moto. Mba zilianza kidogo, nikaambiwa ngozi imekauka. Nikachanganya nazi na nyonyo, kila usiku nasugua kichwani, navaa kofia ya sufu, nalala. Asubuhi ngozi inang'aa, mba hazionekani, nikaamini nimepona. Nikasuka rasta, nikaendelea kupaka kwenye mistari wiki sita. Siku ya kufumua, msusi alinyamaza ghafla. Magamba ya njano, yenye mafuta, yamegandamana kichwani, na chini yake ngozi nyekundu inatoa maji. Harufu! Hata nyusi na pembeni mwa pua palishaanza kubanduka. Nililia palepale kwenye kiti.

Mama wa Tukuyu: Pole mdogo wangu. Mimi pia, ila yangu nyonyo tupu.

Msusi, Mwanjelwa: Hiyo haikuwa ngozi kavu. Ukavu unatoa unga mweupe mwepesi, ukipaka mafuta kidogo unatulia. Mba za njano, zinazonata na kuwasha, zina fangasi ndani yake. Fangasi huyo anaishi kichwani kwa karibu kila mtu na chakula chake ni mafuta. Ulipopaka, magamba yalilowana tu yasionekane, huku chini unamlisha.

Mnyalukolo: Msiisingizie nazi! Bibi yangu kapaka maisha yake yote. Nazi ina asidi ya lauriki, inaua fangasi.

Msusi, Mwanjelwa: Kaka, kuua vijidudu kwenye chupa ya maabara si kutibu kichwa. Nazi inasaidia unywele wenyewe usikatike wakati wa kuosha, hapo bibi yuko sahihi. Ngozi yenye mba usiiguse nayo.

Mnyalukolo: Bibi hakuwahi kuwa na mba.

Msusi, Mwanjelwa: Basi hakuwa na cha kutibu.

Wa Njombe: Ya parachichi je? Huku tunakamua wenyewe.

Mama wa Tukuyu: Paka ncha, ngozi iache.

Mama, Makambako: Mwanangu ana viduara, nywele zimekatika, nampaka nyonyo na kitunguu saumu.

Msusi, Mwanjelwa: Dada, hayo yanafanana na mapunye. Mpeleke kituo cha afya, yanataka vidonge vya wiki kadhaa. Na kitunguu kinaunguza ngozi ya mtoto, acha leo.

Wa Uyole: Mimi nilipona kwa shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 ya duka la dawa. Unapaka kwenye ngozi, unaacha dakika tano, unasuuza. Mara mbili kwa wiki, wiki nne. Nywele zilikauka, nikawa napaka nazi kuanzia katikati hadi ncha tu.

Msusi, Mwanjelwa: Kwa nywele zenye dawa, wengi huambiwa mara moja kwa wiki.

Dada wa Mafinga: Na nyonyo inaotesha nywele kweli?

Mama wa Tukuyu: Zangu zilijifunga fundo tukazikata kwa mkasi. Urefu sikuuona.

Dada wa Mafinga: Mimi nimesuka juzi na kichwa kinawasha tayari. Nifumue?